Futa Maneno, Weka Namba

Miaka ile sikuwa na ofisi. Nilikuwa na flashi ya kompyuta niliyoivaa shingoni kwa kamba, daftari moja, na miguu isiyojua kutulia. Nilikuwa nimeacha kazi ya ukarani kwa sababu kukaa kiti kimoja kutoka asubuhi hadi jioni kulinitia wazimu, nikaingia mjini kutafuta kampuni ndogondogo zenye makaratasi mengi na zisizojua zifanye nini nayo. Duka la vipuri, chuo cha udereva, kliniki ya meno. Nilipanda ngazi za majengo ya katikati ya jiji, nikabisha mlango, na nikawaambia maneno yaleyale: nipeni karatasi zenu, nitazifanya ziseme.

Nilijipenda niliposema hivyo. Nilikuwa najua Excel kuliko watu wengi niliokutana nao, na kujua kitu ambacho wengine hawakijui ni ulevi. Nilikuwa nafanya kazi ya mteja mmoja asubuhi, naiacha nusu, nakimbilia ya pili mchana, na usingizini naota visanduku vya Excel. Mtu akiniambia haraka haraka haina baraka, nilimjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kampuni ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kuuza maji. Ukame ulikuwa umebana, mifereji ya nyumba ilikuwa ikikohoa hewa, na mtu mwenye kisima na lori alikuwa mtu wa maana. Kisima kilikuwa mtaa wa Kangemi, karibu na barabara kuu, na malori mawili yalijazwa pale. Moja lilipeleka maji Loresho, kwenye nyumba kubwa zenye mageti na mabustani. La pili lilipeleka Westlands, kwenye maofisi na mahoteli madogo. Ofisi yenyewe ilikuwa mjini, orofa ya tatu, chumba kimoja chenye meza mbili, na humo ndimo simu za wateja zilimopokelewa.

Mwenye kampuni alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Madam. Alianza na lori moja la marehemu mumewe, akaliendesha yeye mwenyewe mwaka mzima, na mikono yake ilikuwa bado na alama za usukani. Hakuwa na subira, na nadhani ndiyo sababu tulielewana.

"Mimi sitaki hadithi," aliniambia siku ya kwanza. "Wateja wa Loresho wananipigia simu, maji imechelewa, maji imechelewa. Nataka kujua ni nani ananichelewesha."

Nikamwambia nitamtengenezea dashibodi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Dashibodi ni ya gari."

"Na hii ni ya kampuni, Madam. Ukitazama mara moja unajua kama kuna shida, vile unajua mafuta ikiisha."

Hapo alicheka, na kazi nikaipata.

Mpango ulikuwa rahisi. Mteja akipiga simu kuagiza maji, msichana wa simu aliandika saa ya agizo katika kitabu chake. Dereva alibeba fomu, na maji yakifika, aliyeyapokea aliandika saa ya kupokea na kutia sahihi. Ukitoa saa ya agizo katika saa ya kupokea, unapata muda ambao mteja alingoja. Nilitengeneza faili la kurasa tatu: ya kwanza ya kuingizia data, ya pili ya hesabu, ambayo niliifunga kwa nywila ili asiiguse mtu, na ya tatu ndiyo dashibodi, yenye mistari miwili minene, mmoja kwa kila dereva. Mtu akifikisha maji ndani ya saa tatu alizoahidi Madam, rangi ya kijani. Akizidi kidogo, njano. Akizidi sana, nyekundu.

Tatizo lilikuwa fomu. Watu waliandika saa kama walivyopenda, na wachache sana waliweka alama ya asubuhi au alasiri. Nikaona si kitu, kazi huanza asubuhi na kuisha jioni. Nikaandika fomula: saa ikiwa ndogo kuliko sita, basi ni ya alasiri, iongeze kumi na mbili. Kwa hivyo tatu ikawa saa kumi na tano kwa mtindo wa jeshi, na tisa ikabaki tisa ya asubuhi. Niliipenda fomula ile. Ilikuwa fupi.

Kazi ya kuingiza fomu za miezi mitatu nilimwachia msichana wa simu. Alikuwa mpole, mwenye vidole vyepesi, na simu zilipotulia aliandika. Siku ya pili akaniita. Ukurasa wa hesabu ulikuwa umejaa alama za makosa, kwa sababu alikuwa ameandika vitu kama "saa 3.10" ndani ya kisanduku, na mashine ikiona neno haiwezi kutoa wala kujumlisha.

"Futa maneno," nikamwambia. "Weka namba tu. Tatu, nukta mbili, kumi."

"Lakini hii imeandikwa saa..."

"Najua imeandikwa saa. Kisanduku chenyewe ni cha saa. Excel si barua."

Akaanza kufuta. Mimi nilikuwa nimesimama, flashi shingoni, kwa sababu kliniki ya meno ilikuwa inaningoja. Kabla sijatoka niliwekea safu ile kizuizi, isikubali kitu chochote ambacho si saa ya namba. Niliona nimefanya la busara. Kuizuia data chafu mlangoni ni kanuni ya kazi yetu, na hata leo nitaitetea.

Alipomaliza kuingiza, nikarudi na kufungua hesabu. Kulikuwa na mistari iliyotoa jibu hasi. Maji yameagizwa saa nane mchana na yamepokelewa, kwa mujibu wa kisanduku, saa tatu na robo asubuhi ya siku hiyohiyo. Hayo hayawezekani, maji hayafiki kabla ya kuagizwa. Mtu mtulivu angeshuka chini ya mstari ule, akatafuta fomu yenyewe, akaitazama kwa macho. Mimi nilijiambia kwamba yamefika kesho yake. Nikaongeza kipande kwenye fomula: jibu likiwa hasi, ongeza siku moja. Mistari yote hasi ikapona mara moja, na nikafurahi kama mtu aliyetibu mgonjwa.

Dashibodi ikafunguka. Dereva wa Westlands alikuwa wa kijani, karibu saa mbili kwa wastani. Dereva wa Loresho alikuwa mwekundu kama pilipili. Wateja wake, mstari ulisema, walikuwa wakingoja karibu saa nane.

Dereva huyo tulimwita Mzee. Alikuwa ameendesha lori la Madam tangu siku Madam mwenyewe alipoacha usukani, mtu mrefu, asiye na maneno mengi, ambaye hakuwahi kuniita kwa cheo chochote ila msichana wangu. Kisima kiko umbali wa dakika chache tu kutoka Loresho. Saa nane za nini?

Madam hakuhitaji kuelezwa. Aliutazama mstari mwekundu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Anauza," akasema. "Anapitia Kangemi, anauza maji yangu kwa mitungi, halafu anarudi kisimani kujaza tena. Nilikuwa naambiwa, nikakataa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Sikusema ni uongo, wala sikusema ni kweli. Nilisema tu kwamba data ndiyo hiyo. Akaniamuru niuchapishe mchoro kwa rangi, mkubwa, naye mwenyewe akaubandika ukutani kwa gundi ya karatasi.

Madereva walikuja mjini kila Jumatatu asubuhi kuleta fomu. Jumatatu ile walikuwepo wote wawili, na mataniboi wao, wale wasaidizi wa lori, na fundi wa pampu, na msichana wa simu, na mimi. Chumba kilijaa. Madam aliueleza mchoro vizuri, lazima nikiri, kuliko ambavyo ningeueleza mimi. Kisha akamgeukia Mzee.

"Maji yangu ilikuwa inaenda wapi hizo saa zote?"

Mzee aliutazama mchoro.

"Madam, mtu akiagiza saa mbili, mimi saa tatu nimefika. Saa nne, kama barabara imejaa."

"Kompyuta inasema saa tisa alasiri."

"Kwani kompyuta ilikuwa imekaa na mimi kwa gari?"

Mtu mmoja akacheka. Madam hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Wewe. Hii kitu inaweza kukosea?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kusema ngoja niangalie fomu. Ila watu walikuwa wananitazama, na kazi yangu yote ilisimama juu ya swali lile.

"Kompyuta haikosei, Madam," nikasema. "Inahesabu kile imepewa."

Mzee alitoa funguo za lori mfukoni, akaziweka mezani polepole, bila kishindo. Hakumtazama Madam. Alinitazama mimi, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kunikosea wapi. Akashuka ngazi. Jioni hiyo lori la Loresho lilikuwa na dereva wa kibarua.

Wiki ile sikukalika. Kwa duka la vipuri niliweka fomula kwenye safu isiyo yake. Kwenye chuo cha udereva nilitoka katikati ya mazungumzo, nikaenda kusimama dirishani. Nilikuwa nimeogopa, nilijua nimeogopa, na sikujua naogopa nini. Kila nilipotulia nilimwona mzee yule akiweka funguo mezani.

Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa Kangemi, chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko, na maji nilinunua kwa mtungi kama kila mtu. Nilikuwa nakwenda kwa mama mmoja mwenye tangi jeusi, ambaye alijua bei ya maji ya kila mtaa na sababu ya kila bei. Jumatano asubuhi nilimpa mtungi wangu, na swali likanitoka lenyewe.

"Mama, kuna lori ya maji ya Loresho huwa inauza hapa?"

"Lori ya Loresho?" Alifunga mfereji ili anicheke vizuri. "Iuze hapa? Si mimi ndio ningekuwa wa kwanza kununua! Maji hapa mimi natafuta mpaka nachoka. Hiyo lori inatupita tu kila siku, inatumwagia matone kwa barabara."

"Haisimami?"

"Kusimama wapi, msichana? Ikisimama hapa dakika mbili si tutaipanda juu?"

Niliubeba mtungi hadi chumbani, nikauacha katikati ya sakafu, nikafunga mlango, nikaenda mjini. Sikuoga. Yule mama hakuwa na haja ya kunidanganya, na nilikuwa nimeishi mtaa ule mwaka mzima bila kusikia hata tetesi ya lori linalouza maji. Ningeweza kulifikiria hilo Jumatatu. Jambo nililolijua kwa maisha yangu nilikuwa nimeliweka kando ili niamini mstari nilioupaka rangi mwenyewe.

Madam alikuwa benki. Nilimwomba msichana wa simu anitolee fomu za Loresho, zile karatasi zenyewe. Alizitoa kabatini, bunda baada ya bunda, zimefungwa mpira. Nilianza kuzisoma nikiwa nimesimama.

Saa 3.10. Saa 5 na nusu. Saa 9.15. Saa 4 kasorobo. Kalamu za rangi tofauti, mkono wa mtu asiyeandika mara nyingi, na kila mahali neno lile, saa, limeandikwa kwa uangalifu. Katikati yake, mojamoja, fomu za mkono mwepesi zaidi: 9:10, 10:45, bila neno.

Nilikaa. Sidhani nilikuwa nimewahi kukaa kwenye kiti cha ofisi ile.

"Ni nani huandika hizi?" nikamuuliza.

"Masoja," akasema. "Loresho mwenye nyumba hapokei maji, ni soja wa geti. Nilikuwa nataka kukuambia siku ile. Wengine wanaandika saa ya Kiswahili."

Alisema bila kunilaumu, na ndiyo sababu ilinichoma zaidi. Kule Westlands fomu zilitiwa sahihi na wasichana wa mapokezi, wanaosema saa tatu kwa mdomo na kuandika tisa kwa kalamu, kama tunavyofanya sisi sote tuliokaa ofisini, bila hata kujua tunafanya. Soja mzee wa geti anaandika anachosema. Anasema saa tatu, anaandika saa tatu. Na lile neno mbele ya namba ndilo lililokuwa likitueleza ni saa ya nani. Nililifuta, nikaweka na kizuizi ili lisirudi.

Hata hivyo nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Nilichukua fomu tatu, nikarudi hadi Kangemi, nikavuka barabara kuu na kupanda Loresho kwa miguu. Ni ajabu jinsi mitaa hiyo miwili ilivyo karibu. Unaacha makelele ya soko, unatembea kidogo, na unasikia ndege na mashine ya kukata nyasi. Kwenye geti la nyumba ya fomu ya kwanza alikuwa ameketi soja mwenye koti kubwa kuliko mwili wake. Tuliamkuana, nikamwonyesha sahihi.

"Hii ni yangu," akasema, kwa furaha ya mtu anayeona mwandiko wake umesafiri.

"Hapa umeandika saa ngapi, mzee?"

"Saa tatu na dakika kumi."

"Ya asubuhi?"

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Sasa maji italetwa usiku?"

"Na huyo dereva, alikuwa anachelewa?"

"Yule mrefu? Yule hachelewi. Maji ikiisha ndio wenye nyumba wanaanza kupiga kelele, na wanapiga simu wakati tangi imekauka kabisa. Wakingoja nusu saa wanaona ni siku nzima. Huyu mpya mmetuletea ndio hajui hata geti." Akarudisha fomu. "Yule mwingine ako wapi?"

Niliteremka kwa haraka, karibu nikikimbia, na kichwani hesabu ilikuwa inajifanya yenyewe. Agizo saa mbili na dakika tano asubuhi, kitabuni limeandikwa 8:05. Maji yamefika 3:10 ya soja, ambayo kwa saa ya ofisini ni 9:10. Saa moja na dakika tano. Fomula yangu fupi ilikuwa imeiona tatu, ikaihesabu kuwa ya alasiri, ikampa Mzee saa saba na ushei. Na zile hasi zilikuwa za alasiri. Soja ameandika saa 9.15, yaani mchana, mashine ikaisoma kuwa asubuhi, maji yakafika kabla ya kuagizwa. Karatasi zilikuwa zimepiga kelele kwamba kuna kitu, nami nikaziongezea siku moja ili zinyamaze. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kutojua ni jambo moja. Mimi nilikuwa nimeonyeshwa.

Madam alikuwa amerudi. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, kwa pumzi moja, nikaweka zile fomu mbele yake. Alizisoma moja moja, midomo ikitembea: saa tatu, saa tano na nusu. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka.

"Kwa hivyo hakuuza," akasema.

"Hakuuza. Makosa ni yangu, Madam. Nilifuta..."

"Wewe ulichora." Alivua miwani. "Kusema nilisema mimi. Nilimwita mwizi mbele ya mataniboi."

Nilitegemea anifukuze, na nadhani ningepumua. Hakunifukuza. Aliniambia nifanye upya, yote, fomu kwa fomu, na nisitoke chumbani mle. Mimi na msichana wa simu tulianza mchana huo na kumaliza kesho yake. Yeye alisoma karatasi kwa sauti, mimi niliandika. Nilikuwa nimeongeza safu moja mpya kando ya saa, ya herufi moja tu: S ikiwa soja ameandika saa ya Kiswahili, na K ikiwa ni ya Kizungu. Penye S, fomula iliongeza sita, basi. Tatu ikawa tisa, tisa ikawa kumi na tano, na haikuhitaji kukisia asubuhi wala jioni, kwa sababu saa ya Kiswahili ya mchana huanza moja na kuishia kumi na mbili bila kujirudia. Hesabu hasi zilikwisha zote. Kile kipande cha kuongeza siku nilikifuta, na safari hii kufuta kulikuwa halali.

Mstari wa Loresho ulipotokea ulikuwa kijani, mfupi kuliko wa Westlands. Mzee ndiye aliyekuwa wa haraka. Madam aliutazama, kisha akachukua simu mwenyewe, akampigia.

Mzee alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa koti la Jumapili. Madam alikuwa amewaita wote waliokuwepo Jumatatu, fundi wa pampu pia. Alibandua mchoro mwekundu ukutani, ukatoka na rangi ya ukuta, na akaniambia niusome ule mpya kwa sauti. Nilisoma. Nilieleza lile neno, nilivyolifuta, na nilivyoongeza siku.

"Soma tena," Mzee akasema.

Nikasoma tena. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Madam akamwomba msamaha mbele ya wote, kwa maneno machache yasiyo na mapambo, na akamnyooshea funguo.

Mzee hakuzipokea.

"Madam, nimeshukuru," akasema. "Lakini ile Jumatatu nilifika nyumbani, nikakuta bibi yangu ashasikia. Watu walikuwa wamemwambia kabla yangu. Akaniuliza, maji uliuzia nani, na pesa iko wapi. Miaka hiyo yote tumekaa pamoja, akaniuliza hivyo. Sasa hii karatasi ya leo nayo itapita mtaani vile ile ilipita?"

Dashibodi yangu haikuwa na mstari wa jambo hilo.

Madam akachukua mkoba wake. "Twende kwako," akasema. "Nitamwambia mwenyewe." Kisha kwangu: "Na wewe unakuja. Karatasi acha hapa. Utasema na mdomo."

Tulipanda lori sote watatu, lililokuwa limeegeshwa nyuma ya jengo. Madam alimwekea Mzee funguo kiganjani kwa kuwa lazima mtu aendeshe, naye akaendesha. Tukashuka Kangemi. Mzee alikuwa akikaa upande wa chini, karibu na mto, nyumba ya mawe nusu na mabati nusu. Mkewe alikuwa anafua uani, mwanamke mfupi, mikono imejaa povu. Alipomwona Madam alisimama, akakausha mikono kwenye leso, na akatukaribisha ndani bila kutabasamu.

Madam alisema lake. Kisha ikawa zamu yangu, na nilikuwa sina mchoro, sina rangi, sina kitu cha kunyooshea kidole. Nilimwambia kwamba masoja waliandika saa yetu, nikaisoma kama saa ya Kizungu, na kwa hivyo mume wake akaonekana anachelewa ilhali alikuwa anawahi.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo alikuwa anafika saa ngapi?"

"Saa tatu, mama. Saa nne kama barabara imejaa."

"Ndivyo alivyoniambia," akasema. "Hivyo hivyo. Saa tatu, saa nne kama barabara imejaa. Nikamwambia kompyuta haiwezi kudanganya."

Alijifunika uso kwa leso. Madam akainuka na kukaa kando yake. Mimi niligeuka kumtafuta Mzee, nikidhani yuko nyuma yetu. Alikuwa bado amesimama uani, karibu na beseni la nguo, funguo za lori mkononi, hajaingia ndani.